Muhtasari wa kikao cha saiti: kwa maelezo, kwa jedwali, au kwa orodha endelevu?

Anayeandika muhtasari wa kikao cha saiti anaandikia watu wasiofanana. Mteja anataka kujua kama jengo litakwisha kwa wakati na kama kuna fedha za ziada zinanukia. Mkandarasi anatafuta afanye nini wiki hii na nani anamkwamisha. Washauri, yaani mbunifu majengo, mhandisi wa miundo, mkadiriaji majenzi na wenzao, kila mmoja anapekua kurasa akitafuta cheo chake: nimepewa nini, na mwisho lini? Wote wanapokea karatasi ileile.

Miundo inayotumika zaidi ni mitatu. Wa kwanza ni wa maelezo: ajenda kwa ajenda, aya kwa aya, kuanzia kufungua kikao na yatokanayo hadi mengineyo. Wa pili ni jedwali: jambo, uamuzi, mhusika, tarehe. Wa tatu ni orodha endelevu, ambamo kila jambo hupewa namba siku linapoibuka, na namba hiyo haibadiliki hadi jambo lifungwe, hata likivuka vikao kumi.

Kabla ya kuchagua, jiulize maswali manne. Asiyehudhuria ataelewa kilichoamuliwa na kwa nini? Je, kila kazi ina mhusika mmoja na tarehe moja? Baada ya miezi sita, mtu anaweza kufuata jambo moja tangu lilipoanza hadi lilipoishia? Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau: unaweza kuukamilisha na kuutuma ndani ya siku moja au mbili? Muhtasari unaofika jioni ya kuamkia kikao kinachofuata huwa na tarehe ambazo zimeshapita, na aliyepewa kazi ana haki ya kusema hakuarifiwa kwa maandishi.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue jambo moja na kuliandika kwa namna zote tatu.

Jambo lenyewe

Ni kikao Na. 7, Jumatano tarehe 4 Juni. Mkandarasi anaeleza kuwa fundi bomba alipopima njia ya maji taka alikuta bomba la milimita 160 linagongana na boriti ya msingi kati ya nguzo C3 na C4. Boriti ina kina cha milimita 600. Nondo zimeshafungwa na zege limepangwa kumwagwa Alhamisi tarehe 12.

Njia zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza ni kulishusha bomba lipite chini ya boriti. Hilo linaanguka mapema, kwa sababu likishuka kiasi hicho litafika kwenye chemba iliyopo likiwa chini ya sakafu yake, na maji taka hayapandi mlima. Ya pili ni kuacha tundu ndani ya boriti, kwa kuweka kipande cha bomba kubwa zaidi kabla ya kumwaga zege. Mhandisi wa miundo anakubali tundu la milimita 200, katikati ya kina cha boriti na mbali na nguzo, kwa sharti kwamba nondo za nyongeza ziwekwe kulizunguka. Anaahidi mchoro. Mwakilishi wa mteja anauliza kama kuna gharama. Mkadiriaji majenzi anajibu kuwa ipo, ingawa si kubwa, na ataipigia hesabu.

Mjadala ni wa dakika chache tu. Ila ndani yake mna uamuzi mmoja, sababu yake, katazo moja (zege lisimwagwe kabla ya mchoro), kazi mbili na swali la fedha. Kila muundo utadondosha kitu kati ya hivi. Tofauti iko kwenye kinachodondoka.

Muundo wa maelezo

*Unavyosomeka*

> 7.4 Bomba la maji taka, boriti C3–C4. Mkandarasi alieleza kuwa bomba la mm 160 linagongana na boriti ya msingi. Ilijadiliwa kulishusha bomba, ikaonekana haiwezekani kwa kuwa lingefika chini ya sakafu ya chemba iliyopo. Mhandisi wa miundo aliridhia tundu la mm 200 katikati ya kina cha boriti, kwa sharti la nondo za nyongeza. Atatoa mchoro kabla ya Jumatatu 9 Juni. Zege la boriti hiyo lisimwagwe kabla ya mchoro kupokelewa. Mwakilishi wa mteja aliuliza kuhusu gharama. Mkadiriaji majenzi atawasilisha makadirio.

Mteja aliye mbali akisoma aya hii anaelewa kila kitu. Anajua kwa nini boriti yake inatobolewa, nani aliridhia na kwa sharti gani. Kwa swali la kwanza, muundo huu hauna mpinzani.

*Mhusika na tarehe*

Hapa ndipo unapoyumba. Isome tena sentensi ya mwisho: mkadiriaji majenzi atawasilisha makadirio. Lini? Sentensi imekaa vizuri, imenyooka, na kwa sababu hiyo jicho linapita bila kugutuka. Nathari nzuri huficha tarehe iliyokosekana. Halafu kuna "kabla ya Jumatatu". Mhandisi ataisoma kuwa Jumatatu yenyewe imo, mkandarasi ataisubiri Ijumaa. Ni salama zaidi kuandika "Jumatatu 9 Juni, mwisho wa saa za kazi". Na "haraka iwezekanavyo" isionekane kabisa kwenye muhtasari, kwa kuwa huwezi kumwambia mtu amechelewa kitu kisicho na siku.

*Baada ya miezi*

Sababu zipo, lakini zimetawanyika. Bomba letu litajitokeza kwenye 7.4 ya kikao hiki, kisha kwenye yatokanayo ya kikao cha nane likiwa 8.3, kisha 9.2. Anayefuatilia itambidi afungue majalada matatu na kuunganisha mwenyewe.

*Kazi ya mwandishi*

Nzito. Kikao cha saa mbili kinaweza kula nusu siku ya kuandika, na mwandishi ana kishawishi cha kunukuu kila aliyesema. Akikifuata, muhtasari unageuka kuwa masimulizi ya mabishano, nao washauri wataanza kupinga namna walivyonukuliwa badala ya kuangalia kazi walizopewa.

*Unamfaa nani*

Mteja ambaye ni taasisi yenye bodi inayosoma bila kufika saiti. Vikao vya mwanzo pia, pale mambo mengi yanapoamuliwa kwa mara ya kwanza na sababu zina uzito kuliko orodha ya kazi. Vilevile kikao chochote chenye harufu ya mgogoro.

Muundo wa jedwali

*Unavyosomeka*

| Na. | Jambo na uamuzi | Mhusika | Mwisho |
|---|---|---|---|
| 7.4a | Boriti C3–C4: mchoro wa tundu mm 200 na nondo za nyongeza | Mhandisi wa miundo | 9 Juni |
| 7.4b | Makadirio ya gharama ya tundu | Mkadiriaji majenzi | 11 Juni |

Tazama tarehe ya 11 Juni. Kikaoni haikusemwa. Imepatikana kwa sababu jedwali lilikuwa na kisanduku kitupu, na mwandishi akalazimika kumwuliza mkadiriaji kabla watu hawajatawanyika. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya jedwali: linamwaibisha mwandishi mbele ya watu wakiwa bado wamekaa.

*Mhusika na tarehe*

Ndio uwanja wake. Sharti ni moja: kisanduku cha mhusika kiwe na mtu mmoja. "Mkandarasi na mhandisi" kwenye kisanduku kimoja maana yake kila mmoja atamsubiri mwenzake, na kikao kijacho wote wawili watakuwa na maelezo yenye mantiki. Kazi ikiwahitaji wawili, igawe mistari miwili yenye tarehe mbili. Epuka pia "wote" na "timu ya washauri".

*Baada ya miezi*

Jedwali lina upofu wa aina mbili. Kwanza, sababu haimo. Akija mhandisi mwingine kushika mradi, ataona boriti imetobolewa na hatajua kwamba kushusha bomba kulifikiriwa kukakataliwa kwa sababu ya chemba. Anaweza kulifufua jambo lililokwisha.

Pili, na hili ni baya zaidi, jedwali limetengenezwa kwa ajili ya kazi za kufanya, na katazo si kazi. Zege lisimwagwe kabla ya mchoro: hilo limekwenda wapi? Halimo kwenye mistari yetu miwili, kwa kuwa halina mtu wa "kutekeleza" wala tarehe. Lakini katika mjadala mzima ndilo jambo lenye hasara kubwa likipuuzwa, maana zege likishamwagwa, tundu litatobolewa kwa mashine na huenda nondo zikakatwa. Anayetumia jedwali aweke sehemu fupi juu yake yenye kichwa "Maamuzi", ambamo makatazo, ridhaa na masharti huandikwa kwa sentensi kamili, kisha jedwali la kazi lifuate chini.

*Kazi ya mwandishi*

Nyepesi. Linaweza kujazwa kikaoni kwenye ukuta au skrini kila mtu akiona, na kutumwa jioni ileile. Kujaza mbele ya watu kuna faida ya ziada: pingamizi hutolewa papo hapo, kabla hazijawa barua.

*Unamfaa nani*

Vikao vya kila wiki kazi zikiwa zimepamba moto, pamoja na kile kikao cha mkandarasi na wakandarasi wadogo ambacho mteja hayumo. Kwa mteja asiye na mtaalamu wake saitini, jedwali tupu ni kama kumpa risiti bila kumwambia alichonunua.

Orodha endelevu

*Unavyosomeka*

> 7.4 Bomba la maji taka, boriti C3–C4
> K7, 4 Juni. Bomba la mm 160 linagongana na boriti. Kulishusha haiwezekani (kina cha chemba). Limeridhiwa tundu la mm 200. Zege lisimwagwe kabla ya mchoro. Mchoro: mhandisi wa miundo, 9 Juni. Makadirio: mkadiriaji majenzi, 11 Juni.
> K8, 18 Juni. Mchoro ulipokelewa 11 Juni. Zege limemwagwa 16 Juni (lilipangwa 12 Juni). Makadirio hayajawasilishwa; tarehe mpya 20 Juni.
> K9, 2 Julai. Makadirio yalipokelewa 20 Juni. LIMEFUNGWA.

Jambo limekaa mahali pamoja, na namba 7.4 inakwambia papo hapo kwamba liliibuka kikao cha saba. Hata likiwa wazi hadi kikao cha ishirini litaitwa 7.4, na umri wake utamkera kila anayelisoma. Hiyo ni kazi nzuri inayofanywa na namba peke yake.

*Mhusika na tarehe*

Vyote vimo, mradi mwandishi awe na nidhamu moja: tarehe ya zamani haifutwi. Kwenye mfano wetu, makadirio yalikuwa ya 11 Juni yakasogezwa hadi 20 Juni, na zote mbili zinaonekana. Orodha hizi mara nyingi hutunzwa kwenye lahajedwali, na hapo kosa ni jepesi: mwandishi anaandika tarehe mpya juu ya ile ya zamani, na baada ya vikao vitatu inaonekana hakuna aliyewahi kuchelewa. Utaligundua kosa hili ukiweka toleo la kikao cha sita na la tisa sambamba. Kama jambo lililo wazi lina tarehe tofauti na hakuna mstari unaosema lilisogezwa lini na kwa nini, historia imefutwa.

*Baada ya miezi*

Hapa haina mfano. Soma tena mstari wa K8. Mchoro uliotakiwa tarehe 9 ulifika tarehe 11, na zege likasogea kutoka Alhamisi 12 hadi Jumatatu 16, yaani siku mbili za kazi. Mkandarasi akija kudai siku hizo, mnyororo wa tukio uko kwenye mistari mitatu. Mhandisi naye anaweza kuutumia upande wake, kwa mfano akionyesha kwamba siku za kati ya tarehe 11 na 16 zina sababu nyingine. Karatasi haimpendelei mtu.

*Kazi ya mwandishi*

Kuanza ni rahisi, kuendeleza ndiko kunakochosha. Mambo yaliyofungwa yasipoondolewa, kufikia kikao cha kumi na tano waraka utakuwa na kurasa nyingi ambazo hakuna anayezisoma. Desturi inayofaa ni kuliacha jambo lililofungwa lionekane mara moja zaidi, kwenye muhtasari wa kikao lilipofungwa, kisha liondoke. Matoleo yaliyokwisha kutumwa yahifadhiwe kama yalivyo, na kinachotumwa kiwe PDF, si lile faili ambalo mtu anaweza kulihariri.

*Unamfaa nani*

Miradi ya miezi mingi yenye washauri kadhaa, hasa pale watu wanapobadilika katikati. Mradi wa wiki sita hauhitaji mzigo huu.

Jambo ambalo muundo wowote haulitatui

Kuna kosa ambalo haliponi kwa kubadilisha muundo, nalo ni kuuchukulia muhtasari kama agizo au kama notisi ya madai. Angalia mkataba wako unasema nini. Kwa mfano, katika masharti ya mkataba ya mwaka 1999 kwa kazi za ujenzi yaliyotolewa na FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu cha 3.3 kinataka maagizo ya Mhandisi, yaani yule anayesimamia mkataba kwa niaba ya mteja, yatolewe kwa maandishi pale inapowezekana. Akitoa agizo kwa mdomo, mkandarasi anatakiwa kulithibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi. Mhandisi asipojibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuupokea uthibitisho huo, uthibitisho unahesabiwa kuwa ndio agizo la maandishi. Sasa fikiria muhtasari wetu wa tarehe 4 umetumwa tarehe 12. Mkandarasi aliyekaa akiusubiri amekwisha kupitwa na zile siku mbili. Alitakiwa aandike barua yake mwenyewe kuhusu tundu la mm 200, muhtasari uje au usije.

Kwenye madai ni vilevile. Kifungu cha 20.1 cha masharti hayohayo kinampa mkandarasi siku 28 za kutoa notisi, zikihesabiwa tangu alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio. Kwa zege letu lililokwama tarehe 12 Juni, hiyo ni hadi 10 Julai. Mstari wa K8 unaosema "lilipangwa 12 Juni" ni ushahidi mzuri wa kuunga mkono dai, ila ni maneno ya mwandishi wa muhtasari, hayakuandikwa na mkandarasi kama notisi. Toleo la mwaka 2017 limebana zaidi: notisi lazima itajwe waziwazi kuwa ni notisi. Kwa hiyo mkandarasi akisema kikaoni "hili litatuchelewesha", mwandishi aandike kwamba alisema, na mkandarasi aondoke akaandike barua.

Marekebisho pia hayategemei muundo. Sentensi ya kawaida mwishoni mwa muhtasari husema kwamba asiyewasilisha pingamizi ndani ya siku fulani za kazi atachukuliwa kuwa amekubali. Iweke, inasaidia watu wasome, lakini haina nguvu kuliko mkataba wenyewe. Pingamizi likija, usifungue waraka uliokwisha kutumwa ukabadilisha kimyakimya. Liandike kwenye kikao kinachofuata: "Kuhusu 7.4, mhandisi wa miundo alisahihisha kuwa tundu liwe umbali usiopungua kiasi fulani kutoka usoni mwa nguzo." Vinginevyo saiti itakuwa na matoleo mawili ya muhtasari mmoja, na kila upande utabeba linalompendeza.

Uchague upi, kulingana na hali yako

Mteja wako ni mtu binafsi anayejenga kwa mara ya kwanza, naye hufika saiti mara chache: andika kwa maelezo mafupi, ila weka mhusika na tarehe kwa herufi nzito pembeni ya kila aya. Atasoma aya, mkandarasi atasoma pembeni.

Mnakutana kila wiki, kazi ni nyingi na maamuzi makubwa yamekwisha kufanyika: jedwali, pamoja na ile sehemu ya "Maamuzi" juu yake. Lijazwe kikaoni na litumwe siku hiyohiyo.

Mradi ni wa mwaka au zaidi, washauri ni wanne au watano, na mmoja wao ana mazoea ya kuchelewesha michoro: orodha endelevu. Huhitaji kumlaumu mtu kwa maneno. Namba za zamani zitakazobaki wazi mbele ya mteja zitatosha kumsukuma.

Mahusiano yameanza kuharibika na barua za mawakili ziko njiani: tumia orodha endelevu kwa mambo ya kawaida, na kwa lile jambo linalogombaniwa andika aya kamili ya maelezo, yenye kauli ya kila upande kwa kifupi na bila vivumishi. Usiandike "mkandarasi alikiri" ikiwa alichosema ni kwamba zege lilichelewa.

Umeupokea mradi katikati, na muhtasari wa nyuma ni wa maelezo matupu: usijaribu kuuandika upya. Pitia mitatu ya mwisho, toa mambo ambayo bado yako wazi, yape namba za vikao yalikoanzia, na anza orodha endelevu kutoka hapo. Kikao chako cha kwanza kitumie nusu saa kuthibitisha orodha hiyo na wahusika wote, kwa kuwa hapo ndipo utakapogundua ni mangapi kila mtu alidhani ni ya mwenzake.